SOMO: JINA LA MTU NA JINA LA BIASHARA KATIKA SOKO LA MTANDAONI



Tuchukue mfano wa mwanachama wa Bububu atengenezaye sabuni za mwani. Amesajili jina la biashara, tuseme “Sabuni za Mwani Bububu”, katika Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Alipojiandikisha katika soko la mtandaoni aliandika jina hilo mahali pa jina la muuzaji, kisha akatuma picha ya Kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, chenye jina lake, la baba na la babu. Akaunti ikazuiliwa kwa sababu majina hayakulingana.

Mwenye soko hakuzuia kwa ukaidi. Tangu tarehe 17 Februari 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya yayataka masoko ya namna hii, isipokuwa yale madogo, yapate kwa kila mfanyabiashara jina, anwani, nakala ya kitambulisho, akaunti ya malipo na nambari ya usajili, kisha yajitahidi kukagua kama habari hizo ni za kuaminika. Anayekagua haijui Bububu. Anaziona karatasi mbili zenye majina mawili, wala hakuna ya tatu inayoyaunganisha.

Yafaa kwanza kujua muuzaji ni nani kisheria. Jina la biashara la mtu mmoja halimfanyi kuwa mtu mwingine. Muuzaji ni yeye mwenyewe. Basi mahali pa jina la kisheria aandike majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. “Sabuni za Mwani Bububu” liwe jina la duka tu. Cheti cha usajili kinachomtaja kuwa mmiliki ndicho kiunganishi. Akitume pamoja na kitambulisho.

Chama cha ushirika ni kinyume chake. Chama kilichosajiliwa kina nafsi yake kisheria, hivyo muuzaji ni chama, na akaunti ya benki iwe kwa jina hilo hilo. Kitambulisho cha Katibu huonyesha mwakilishi tu. Kiambatanishwe na cheti cha chama na muhtasari wa kikao uliomteua, wenye majina yake kamili.

Makosa mawili huzidisha tatizo. La kwanza ni kutuma tena na tena kitambulisho kile kile bila kusahihisha fomu, kwani tofauti inabaki pale pale. La pili ni kufungua akaunti nyingine wakati ya kwanza imezuiliwa. Masoko mengi huliona hilo kuwa jaribio la kukwepa ukaguzi, na akaunti zote mbili zaweza kufungwa.

Swali la kujadiliana kikaoni: Cheti kinasema “Khamis”, kitambulisho kinasema “Hamisi”. Ni karatasi ipi irekebishwe kabla ya kujiandikisha, na ofisi ipi iendewe?