SOMO LA AFYA: Kipandauso Kinachopoozesha Nusu ya Mwili

Wengi wetu tunakijua kipandauso: maumivu ya kichwa yanayopiga upande mmoja, kichefuchefu, na kuchukia mwanga na kelele. Iko aina moja adimu ambayo huja na jambo zaidi: mkono na mguu wa upande mmoja hulegea kwa muda, kisha nguvu hurudi. Kwa anayetazama, mgonjwa huyo anafanana na aliyepatwa na kiharusi. Swali la somo hili ni moja: vinatofautishwaje, na ni nani mwenye haki ya kusema "hiki ni kipandauso tu"?

Kinachotokea ndani ya ubongo

Katika kipandauso cha kawaida chenye dalili tangulizi, mgonjwa huanza kwa kuona nuru za kumeta au mistari ya msumeno. Mwaka 1944 mtafiti wa Kibrazili, Aristides Leao, alieleza alichokiona kwenye ubongo wa sungura: wimbi linalosambaa polepole juu ya uso wa ubongo na kuzimisha kwa muda kazi ya seli kila linapopita. Wimbi hilo husafiri takriban milimita 3 kwa dakika, na leo wataalamu wanaliona kuwa chanzo cha dalili hizo tangulizi. Piga hesabu: kuvuka sentimita 6 linahitaji dakika 20. Ndiyo maana dalili za kipandauso hutambaa. Sehemu ya kuona iko nyuma ya ubongo, na zile za kuhisi na za kuongoza misuli ziko mbele yake. Kwa hiyo mara nyingi macho hutangulia, ganzi ikafuata, kisha nguvu zikapungua.

Kiharusi kwa kawaida hakitembei hivyo. Mshipa ukiziba, sehemu yote iliyotegemea damu yake hupungukiwa kwa pamoja, na mkono, uso na maneno vinaweza kuharibika ndani ya sekunde au dakika chache.

Baadhi ya familia hurithi ugonjwa huu. Jeni ya kwanza inayohusika, CACNA1A, ilitambuliwa mwaka 1996, na nyingine zimepatikana baadaye. Zinahusu milango midogo ya seli inayopitisha chumvichumvi kama kalisiamu na sodiamu. Mzazi mwenye jeni hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Wagonjwa wengine hawana historia yoyote katika ukoo.

Tuchukue mfano

Mwanafunzi wa kike wa mwaka wa pili, mwenye miaka 20, yuko hosteli akijisomea. Saa nane na dakika kumi mchana anaona mistari inayometameta upande wa kulia. Baada ya dakika 20 anapata ganzi kwenye vidole vya mkono wa kulia. Inapanda kiwiko, ikafika shavuni na kwenye ulimi. Saa tisa kasoro dakika kumi anatafuta neno "daftari" halimjii. Saa tisa na robo kalamu inamponyoka na mguu wa kulia unamburuta. Kisha kichwa kinaanza kumgonga.

Wenzake chumbani wamegawanyika. Mmoja anasema ni uchovu, alale. Mwingine anasema amepigwa na shetani, aitwe sheikh amsomee. Wa tatu anaita gari. Huyu wa tatu ndiye aliyepatia, na kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari hilohilo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikiwa kweli ni kiharusi cha kuziba mshipa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo daktari atauliza ni: mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?

Hospitalini anapimwa sukari kwanza, kwa tone la damu kidoleni. Sukari ikishuka sana inaweza kulegeza upande mmoja wa mwili, na hurekebishwa kwa dakika chache. Mwenye kisukari anayefunga Ramadhani alikumbuke hili. Anapimwa shinikizo la damu, homa na malaria. Anaulizwa kama alipata degedege, kwa sababu baada ya kifafa mkono unaweza kulegea kwa saa kadhaa. Anaulizwa kama ana seli mundu, kwa sababu ugonjwa huo huleta kiharusi hata kwa vijana na watoto. Kisha anapigwa picha ya CT.

Picha inatoka safi. Je, basi si kiharusi? Hapana, bado haijathibitika. CT huonyesha vizuri damu iliyovuja, lakini kiharusi cha kuziba mshipa huweza kutoonekana katika saa za mwanzo. MRI huona zaidi, pale inapopatikana.

Kesho yake nguvu zimerudi zote. Hata hilo pekee halitoshi. Kuna kiharusi cha mpito, ambacho dalili zake huisha zenyewe, na ambacho huweza kutangulia kiharusi kikubwa siku chache baadaye. Daktari anampa jibu la tahadhari: huenda ni kipandauso, lakini arudi kliniki ya mishipa ya fahamu.

Jina linapatikana vipi

Vigezo vya kimataifa vinataka angalau matukio mawili, kila moja likiwa na udhaifu wa misuli unaoisha kabisa pamoja na dalili za macho, za kuhisi au za kusema, na pasiwe na maelezo mengine yanayofaa zaidi. Udhaifu huo kwa kawaida huisha ndani ya saa 72, ingawa kwa wachache huendelea kwa wiki.

Miezi mitano baadaye tukio linarudi kwa mpangilio uleule. Safari hii familia inakumbuka kwamba baba yake mdogo, alipokuwa kijana, alilegea mkono mara tatu na kila mara akapona. MRI haina kovu lolote. Sasa jina linaweza kuandikwa kwenye faili.

Kosa huumiza pande zote mbili. Mwenye kiharusi akiambiwa ana kipandauso, anapoteza saa za matibabu. Mwenye kipandauso akiandikiwa kiharusi, anaweza kumeza dawa za kuzuia kuganda kwa damu kwa miaka bila sababu. Hata akiandikiwa kipandauso bila kutajwa aina, bado kuna tatizo: ergotamini na dawa za jamii ya sumatriptani hubana mishipa, na maelekezo yake yanakataza kuzitumia kwa aina hii. Yeye hutumia parasetamoli au ibuprofeni na dawa ya kichefuchefu, na matukio yakizidi daktari huweza kumpa verapamili, flunarizini au lamotrijini ya kinga. Mwanamke mwenye kipandauso chenye dalili tangulizi aseme hivyo pia anapotaka uzazi wa mpango, kwa maana vidonge vyenye estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi.

La kufanya wewe uliye karibu

Mwenzako akilegea upande mmoja kwa mara ya kwanza, mchukulie kuwa ana kiharusi na mpeleke hospitali. Usimpe chakula wala kinywaji, kwani kumeza kunaweza kuwa kumeharibika. Andika saa dalili ilipoanza, ipi ilitangulia, na kila moja ilichukua dakika ngapi kufikia ya pili. Mgonjwa aliyepotewa na maneno hawezi kumweleza daktari hayo. Karatasi yako itamweleza.

Na aliyekwisha kupata jina la ugonjwa wake arudi hospitali haraka tukio likija tofauti: likimshukia ghafla kwa mara moja, likiwa na homa, degedege au kuchanganyikiwa, au nguvu zikikawia kurudi kuliko alivyozoea. Kuwa na kipandauso hakumkingi mtu na kiharusi.