Walitimia 32, na Bado Mmoja Alibaki

*Ndugu Mshauri, mwaka jana nilisafiri na wanafunzi 32 kwa basi kwenda Dodoma. Tulisimama Singida watoto wajisaidie, nikahesabu vichwa, vikatimia 32, tukaondoka. Tulipofika mbali kidogo binti mmoja akauliza mwenzake yuko wapi. Kumbe mtoto wa dereva alikuwa amekaa viti vya nyuma, nami nilimhesabu yeye. Tuligeuza, tukamkuta wetu analia kwa mama muuza mahindi. Sasa mwalimu mkuu ameniteua kuongoza safari ya ndege, Mwanza hadi Zanzibar kupitia Dar es Salaam. Wanafunzi ni 32 tena, watu wazima tuko wanne. Fomu za ruhusa zimeanza kurudi. Moja imewekwa dole gumba na bibi wa mtoto ambaye najua ana selimundu, lakini penye afya pameandikwa "mzima". Usiku silali. – Mwalimu wa kike, Mwanza*

Mwalimu mwenzangu, shikamoo kama umenizidi umri, na pole kwa yote mawili, la Singida na la kuteuliwa.

Nianze na la Singida, maana ndilo linalokunyima usingizi. Hukukosea hesabu. Ulihesabu vichwa, na vichwa vilikuwa 32 kweli. Kasoro iko kwenye kuhesabu vichwa kwenyewe. Kichwa hakisemi ni cha nani, na hata ungepata 31 usingejua aliyekosekana ni yupi, ungeanza kuita majina huku basi linanguruma. Kwenye uwanja wa ndege mambo ni magumu zaidi, kwa sababu watoto wa shule nyingine, pengine nao wamevaa sweta kama za kwenu, wanaweza kuwa wanapita katikati ya wako.

Mpe kila mtoto namba, 1 hadi 32, wiki mbili kabla ya safari, na isibadilike hadi mrudi Mwanza. Wagawe makundi manne ya wanane, kila kundi na mtu mzima wake. Mtoto ajitaje namba kwa sauti, na mkuu wa kundi amtazame usoni anapojitaja. Hilo la kutazama usilidharau, kwa sababu hawakosi watundu watakaoitikia namba ya rafiki aliyekwenda kununua biskuti. Ikipita "kumi na sita" kisha ikaja "kumi na nane", unajua papo hapo unayemtafuta ni nani na yumo kundi la nani. Ninyi watu wazima nanyi mjitaje, 33 hadi 36. Nimewahi kuona msafara umetimia watoto wote, mwalimu ndiye aliyebaki msalani.

Sasa swali ni lini mhesabu. Walimu wengi huhesabu kila wanapokumbuka, na mwishowe inakuwa kelele tu, watoto wanataja namba huku wanacheka. Kundi halikatiki likiwa limeketi. Hukatika mlangoni, pale ambapo watu wanapita mmoja mmoja na waliopita hawawaoni waliobaki. Hesabu kila mlango, kabla na baada.

Mlango mbaya kuliko yote ni ukaguzi. Viwanja vyetu hukagua unapoingia kwenye jengo, kisha tena unapokwenda chumba cha kusubiri. Hebu fikiria pale kwenye mashine. Mtoto wa kwanza anavua mkanda na viatu, begi linaingia kwenye mionzi, anapita. Wa tano anasimamishwa kwa sababu ya bikari iliyomo kwenye kopo lake la vifaa vya hesabu. Wa sita anampita, anavaa viatu, anaona kioo kikubwa na ndege upande wa pili, anakwenda kutazama. Wa saba anataka choo. Hapo una watoto sehemu nne, na kama mwalimu yuko nyuma akiwasukuma wote mbele, upande wa pili hakuna mtu mzima hata mmoja.

Kwa hiyo mtu mzima mmoja atangulie kupita kabla ya mtoto yeyote, achague ukuta mmoja, na kila anayepita aketi chini kwenye ukuta huo. Nasema aketi, kwa sababu aliyesimama hutembea. Wewe kiongozi uwe wa mwisho kabisa. Wawili waliobaki wapite katikati, mmoja baada ya kundi la pili na mwingine baada ya la tatu. Kwa mashine moja, mtu akichukua dakika moja, watu 36 ni zaidi ya nusu saa, na hiyo ni siku isiyo na bikari. Pangeni muda kwa hesabu hiyo na si kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Siku moja kabla ya safari fungueni mabegi ya mkononi mbele ya watoto, mtoe bikari, mikasi na nyembe za kuchongea penseli. Pawabenki ni kinyume chake. Hiyo haitakiwi kwenye begi la chini, ikae mkononi.

Kuna mbinu moja iliyonisaidia kuliko daftari lolote. Usiwaachie watoto pasi za kupandia ndege. Kila mkuu wa kundi ashike nane zake kwenye bahasha moja. Mkifika geti asimame kando ya mhudumu, amkabidhi kila mtoto pasi yake mkononi anapopita. Bahasha ikiwa tupu, wanane wamepita. Ikibaki pasi moja, jina la asiyeonekana limeandikwa juu yake, na unaweza kumsomea mhudumu palepale amtangaze. Mkishakaa kwenye ndege kila mtoto airudishe ile sehemu aliyobakiziwa, ihesabiwe tena iwe nane. Utakuwa umehesabu mara mbili bila kumtajisha mtoto namba, na abiria wengine hawatakutazama kwa jicho baya.

Dar es Salaam ndipo mtakapobadilisha ndege. Mnapokabidhi mizigo Mwanza, soma lebo ya kila begi: iwe na herufi ZNZ kama mizigo inapelekwa moja kwa moja. Ikiwa DAR, mtalazimika kutoka, kuisubiri kwenye mkanda na kuikabidhi upya, yaani milango mitatu zaidi na ukaguzi mwingine. Ulizeni hili wakati wa kukata tiketi. Choo kiende makundi, wanane kwa wanane, hapo Dar kabla ya kupanda. Kuvuka kwenda Unguja kwa ndege ni kama dakika ishirini tu, na muda mwingi taa ya mkanda itakuwa imewaka.

Na akipotea mmoja kweli? Kabla hamjaondoka shuleni amueni nani atakayebaki naye. Mmoja, tena ajulikane kwa jina, awe na fedha, simu yenye chaji na nakala za fomu zote. Geti likikaribia kufungwa na namba 17 haonekani, huyo mmoja anabaki, kundi lake linagawanywa kwa watatu waliosalia, na safari inaendelea. Nimeona walimu wanne wakitawanyika kumtafuta mtoto mmoja, wakawaacha thelathini na mmoja peke yao sakafuni. Mtoto naye afundishwe jambo moja tu: akijiona yuko peke yake asitafute mtu, asimame alipo au aende kwenye kaunta yenye mfanyakazi aliyevaa sare, ataje shule yake na namba yake. Mfukoni awe na kadi yenye simu zenu mbili. Jina lake lisiandikwe kifuani, maana mtu asiyemjua akimwita kwa jina, mtoto atadhani ni ndugu. Asubuhi ile piga picha ya kila kundi la wanane. Ukiulizwa amevaa nini, utaonyesha picha badala ya kubabaika.

Nije kwenye fomu. Usikate tiketi hata moja kabla hujapata nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kwa sababu jina la tiketi lazima lifanane na la kitambulisho. Mtoto anayeitwa Juma darasani, cheti kinaweza kusema Jumanne, na kurekebisha jina baada ya tiketi kutoka mara nyingi ni gharama. Shangazi au bibi anayeishi na mtoto na kumlea anaweza kusaini kama mlezi, lakini pata na simu ya mzazi, mpigie wewe mwenyewe, uandike tarehe na alichosema. Fomu itaje ndege, siku, mahali mtakapolala, na kwamba ndege ikiahirishwa mnaweza kulala Dar. Iwe na ruhusa ya kumtibu mtoto, na jina la mtu atakayempokea mkirudi. Mzazi aliyesaini "ziara ya kimasomo" bila kuambiwa kuna ndege hajaruhusu kitu.

Lile neno "mzima" mimi silichukulii kama uongo. Wazazi wengi huliandika wakiogopa mtoto ataachwa nyumbani, na swali lenyewe, "hali ya afya", linawaalika waandike hivyo. Badilisha maswali. Je, anameza dawa kila siku, ipi, saa ngapi? Amelazwa lini mara ya mwisho? Ana pumu, anatumia pampu? Juu ya maswali hayo andika wazi kwamba majibu hayatamzuia mtoto kusafiri bila kwanza kuzungumza na mzazi.

Kwa mwenye selimundu jambo hili lina uzito wa pekee. Ndege kubwa ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi, wakati Mwanza iko kama mita 1,100 na ushei. Oksijeni inapungua kidogo, na kwa mwenye ugonjwa wenyewe hilo, pamoja na baridi na kukosa maji, linaweza kuamsha maumivu. Aliyerithi vinasaba kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida hasumbuki. Kwa hiyo mtoto aende kliniki anakotibiwa, daktari aseme kwa maandishi kama anaweza kuruka na afanye nini. Akiruhusiwa, dawa zake zikae kwenye begi la mkononi la mkuu wa kundi wake, avae sweta, na anyweshwe maji kabla ya kupanda na njiani, hata kama hataki kwa kuogopa choo.

Fomu ya bibi yule usiirudishe kwa mkono wa mtoto. Nenda nyumbani jioni moja ukiwa na mwalimu mwenzako awe shahidi, ukae chini umsomee mstari kwa mstari, neno ndege ulitamke mwanzo. Muulize dawa za mjukuu ziko wapi akuonyeshe, unakili jina lililoandikwa kwenye pakiti. Kisha ndipo aweke dole gumba, upya, kwenye karatasi mpya.