Ukiwa na makundi matatu, usiyalinganishe mawili mawili

Msimu wa kuandika tasnifu unapofika, wanafunzi wa kilimo na wa afya huniletea majedwali yao tuyapitie pamoja. Jambo moja hujirudia karibu katika kila jedwali la pili: mtafiti ana makundi matatu, manne au matano, naye ameyalinganisha mawili mawili kwa jaribio la t, jozi baada ya jozi, kisha akatia nyota kila palipo na thamani ya p iliyo chini ya 0.05. Hesabu yenyewe mara nyingi haina dosari. Kasoro iko kwenye hitimisho, na katika makala haya nataka kuonyesha kasoro hiyo inaingilia wapi na inaondolewa vipi.

Nitatumia data ambayo yeyote mwenye programu ya R tayari anayo kwenye kompyuta yake. Inaitwa `PlantGrowth`, na asili yake ni kitabu cha takwimu cha Annette Dobson cha mwaka 1983. Ni mimea 30 iliyogawanywa katika makundi matatu ya mimea 10: kundi la ulinganisho lisilopewa chochote (`ctrl`) na makundi mawili yaliyokuzwa katika hali tofauti (`trt1` na `trt2`). Kilichopimwa ni uzito wa kila mmea baada ya kukaushwa. Wastani wa `ctrl` ni 5.032, wa `trt1` ni 4.661, na wa `trt2` ni 5.526.

Njia ya mkato inasema nini

Ukifanya jaribio la t kwa kila jozi, kwa mpangilio wa kawaida wa R, `ctrl` dhidi ya `trt1` inatoa p ya 0.25, `ctrl` dhidi ya `trt2` inatoa 0.048, na `trt1` dhidi ya `trt2` inatoa 0.009. Mtafiti mwenye haraka ataandika kwamba `trt2` imeongeza uzito kuliko kundi la ulinganisho, kwa kuwa 0.048 iko chini ya 0.05. Namba hiyo ndiyo nitakayoifuatilia hadi mwisho.

Kiwango cha 0.05 ni ahadi yenye mipaka. Kinasema hivi: ikiwa kwa kweli hakuna tofauti kati ya makundi haya mawili, basi uwezekano wa jaribio hili moja kukudanganya kwamba ipo ni asilimia 5. Ahadi ni ya jaribio moja. Ukifanya matatu, kila moja linakuja na nafasi yake ya kukudanganya, na nafasi hizo zinajumlika. Kama majaribio yangekuwa hayahusiani kabisa, uwezekano wa yote matatu kutokosea ungekuwa 0.95 × 0.95 × 0.95, yaani 0.857, na uwezekano wa angalau moja kukosea ungekuwa asilimia 14.

Lakini jozi zetu zinahusiana, kwa sababu kila kundi linaingia katika jozi mbili. Kwa hiyo asilimia 14 imezidi kidogo. Badala ya kubishana, tunaweza kuiomba kompyuta itengeneze makundi matatu ambayo tunajua hayatofautiani, ifanye hivyo mara 10,000, kisha ihesabu ni mara ngapi angalau jozi moja imepata nyota:

```
set.seed(1)
uongo <- replicate(10000, {
  y <- rnorm(30)
  g <- gl(3, 10)
  p <- pairwise.t.test(y, g,
         p.adjust.method = "none")$p.value
  any(p < 0.05, na.rm = TRUE)
})
mean(uongo)
```

Jibu huzunguka 0.12. Ulidhani unakubali hatari ya asilimia 5, kumbe unabeba ya asilimia 12. Ukibadilisha iwe makundi matano ya mimea 10, jozi zinakuwa kumi na hatari inapita robo.

Kuna wanaodhani wanalikwepa tatizo hili kwa kufanya jaribio moja tu, kati ya kundi lenye wastani mkubwa kuliko yote na lenye mdogo kuliko yote. Hawajalikwepa. Ili kuchagua jozi hiyo, ilibidi kwanza watazame makundi yote na kuokota pengo kubwa zaidi. Jozi yoyote ikiwa na nyota, karibu siku zote hiyo nayo inayo. Kinachopandisha hatari ni idadi ya jozi ambazo ungeweza kuzichagua, hata kama hesabu uliyoandika ni moja.

Swali moja badala ya matatu

Uchanganuzi wa mtawanyiko, ambao wengi tunauita anova, ulijengwa na Ronald Fisher alipokuwa akichambua majaribio ya mashamba katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, na ukaenea kupitia kitabu chake cha mwaka 1925. Hauulizi jozi ipi inatofautiana. Unauliza swali moja kwa makundi yote kwa pamoja: je, wastani za makundi zimeachana kuliko ambavyo zingeachana kwa bahati tu?

Ili kujibu, tunahitaji kujua bahati peke yake ina nguvu kiasi gani. Hilo tunalipata ndani ya makundi. Mimea kumi ya `ctrl` ilipata matunzo yale yale, lakini uzito wake haulingani, na kutolingana huko hakuwezi kusababishwa na matunzo. Mtawanyiko, yaani wastani wa miraba ya tofauti kutoka kwenye wastani wa kundi, ni takriban 0.340 kwa `ctrl`, 0.630 kwa `trt1` na 0.196 kwa `trt2`. Wastani wa hizo tatu ni 0.389. Hicho ndicho kipimo chetu cha bahati.

Sasa tuziangalie zile wastani tatu zenyewe: 5.032, 4.661 na 5.526. Mtawanyiko wake ni 0.1883. Wastani wa mimea kumi huyumba kidogo kuliko mmea mmoja, na mtawanyiko wake ni sehemu moja ya kumi ya ule wa mmea mmoja. Kwa hiyo tunazidisha kwa 10 ili vipimo viwili vilingane, tunapata 1.883. Kama matunzo hayana athari yoyote, 1.883 na 0.389 zinapaswa kukaribiana, kwa sababu zote mbili zingekuwa zinakadiria kitu kimoja. Tukigawanya, tunapata 4.85. Uwiano huo ndio unaoitwa F.

R inafanya kazi hiyo kwa mistari miwili:

```
m <- aov(weight ~ group, data = PlantGrowth)
summary(m)
```

Utaona F ya 4.846 na p ya 0.0159. Kabla ya kushangilia p, tazama safu ya `Df`. Kwa makundi matatu, mstari wa `group` lazima uonyeshe 2, na mstari wa `Residuals` uonyeshe 27. Ukiona 1 pale palipotakiwa kuwa 2, ujue makundi yako yameandikwa kwa tarakimu 1, 2, 3, na R imeyachukulia kama kipimo kinachopanda, kana kwamba kundi la 3 ni mara tatu ya kundi la 1. Matokeo yatatoka bila onyo lolote, nayo yatakuwa yamejibu swali jingine. Dawa yake ni kuandika `factor(group)`.

Baada ya F, jozi kwa masharti

F imetuambia kwamba makundi yote matatu kuwa sawa ni jambo gumu kuaminika. Haijasema nani anatofautiana na nani. Hapa ndipo jozi zinaporudi, safari hii kwa mbinu ya John Tukey, ambayo tangu mwanzo inajua kuwa tunatazama jozi zote:

```
TukeyHSD(m)
```

Kwa data hii, mbinu ya Tukey inadai pengo la wastani lizidi 0.691 ndipo jozi ipate nyota. Pengo la `trt2` na `trt1` ni 0.865, limevuka, na p yake ni 0.012. La `ctrl` na `trt1` ni 0.371, halikuvuka. La `ctrl` na `trt2` ni 0.494, nalo halikuvuka: p yake ni 0.198. Ile nyota ya 0.048 imezimika.

Imezimika kwa sababu mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza ni idadi ya jozi: hata ukiichukua 0.048 ilivyo na kuizidisha kwa 3, kama inavyofanya mbinu ya Bonferroni, unapata 0.14. Ya pili ni kwamba jaribio la t la jozi hiyo lilipima bahati kwa makundi mawili yaliyotulia zaidi, likaliacha nje `trt1` ambalo linayumba zaidi. Anova imeyatumia yote matatu, kwa hiyo kipimo cha bahati kimepanda.

Wasomaji wengi hukwama hapa: inawezekanaje `trt1` na `trt2` zitofautiane, na zote mbili zisitofautiane na `ctrl` iliyo katikati? Hakuna mgongano. Kukosa nyota hakuna maana kwamba makundi ni sawa. Kuna maana kwamba mimea kumi kwa kundi haitoshi kuonyesha pengo la ukubwa ule. Usiandike "`trt2` haina athari." Andika kwamba data haikutosha kuitofautisha na kundi la ulinganisho.

Mahali anova isipokusaidia

Hesabu hii inachukulia kwamba mtawanyiko ndani ya makundi unakaribiana. Hapa `trt1` ni zaidi ya mara tatu ya `trt2`, jambo linalofaa kuchunguzwa. Amri ya `oneway.test(weight ~ group, data = PlantGrowth)` hutumia njia ya Welch isiyohitaji sharti hilo, nayo inatoa p ya 0.017. Hitimisho halijabadilika, kwa hiyo tunaendelea. Kama lingebadilika, ningeripoti la Welch.

Sharti la pili haliokolewi na amri yoyote: kila kipimo kisimame peke yake. Kama mimea yote kumi ya `trt2` ingekuwa ndani ya chungu kimoja, tungekuwa na chungu kimoja, si marudio kumi, na F ingekuwa kubwa kwa sababu isiyo ya kweli. Wanaoniletea data huwauliza kwanza: matunzo yaligawiwa mmea mmoja mmoja, au chungu kizima, au tuta zima? Hicho kilichogawiwa matunzo ndicho kinachohesabiwa.

Na kama swali lako tangu mwanzo lilikuwa kulinganisha kila tiba na kundi la ulinganisho pekee, hukulazimika kulipia jozi zote. Mbinu ya Dunnett ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Katika mfano wetu ingesahihisha kwa jozi mbili badala ya tatu, na ingekuwa na uwezo zaidi wa kuona tofauti iliyopo. Sharti lake ni kwamba uamuzi huo uandikwe kwenye pendekezo la utafiti kabla mbegu hazijafukiwa. Ukiuandika baada ya kuona wastani, umerudi kule kule kwenye kuokota pengo kubwa.