Gemu Inapojifunga Mara Baada ya Kubonyeza "Play": Namna ya Kutambua Chanzo

Mlaji anayenunua kompyuta iliyotumika mjini Kahama, Shinyanga au Geita anaweza kukutana na tatizo hili: anabonyeza Play, dirisha la gemu linaonekana kwa sekunde moja au halionekani kabisa, kisha anarudishwa kwenye skrini ya mwanzo bila ujumbe wowote. Fundi mmoja humshauri aongeze RAM, mwingine humtaka abadilishe kadi ya picha, na kila jaribio hugharimu fedha. Kabla ya kulipa chochote, mlaji anashauriwa kusoma rekodi ambayo Windows huandika programu inapokatika ghafla. Gemu ikinyamaza, mara nyingi kompyuta huwa imeandika.

Kuifikia rekodi

Fungua gemu, iache ijifunge, na uangalie saa. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri ifuatayo na ubonyeze Enter:

```
eventvwr.msc
```

Fungua Windows Logs, kisha Application. Tafuta mstari wenye neno Error ulioandikwa katika dakika ile ile, ambao chanzo chake ni Application Error na namba yake ni 1000. Ukiubonyeza, soma mambo mawili: Faulting module name, yaani jina la faili ambamo hitilafu ilitokea, na Exception code, yaani aina ya hitilafu.

Jina la faili likianza kwa nv, ati, amd au ig, shuku kwanza programu inayoendesha kadi ya picha, na uipakue upya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Hatua hiyo haihitaji kununua kifaa. Iwapo hakuna rekodi yoyote ya dakika hiyo, huenda gemu imejifunga yenyewe au faili lake limeondolewa na kizuia virusi. Fungua Windows Security na usome Protection history.

Mfano mmoja

Tuchukue mfano wa mlaji wa Geita aliyenunua kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 8 na kichakataji Pentium G2030, baada ya kuhakikishiwa na muuzaji kwamba gemu fulani itachezeka. Gemu inajifunga papo hapo, na rekodi inasomeka hivi:

```
Faulting module name: gemu.exe
Exception code: 0xc000001d
```

Namba hiyo ina maana kwamba kichakataji kimepewa amri kisiyoifahamu. Gemu nyingi za miaka ya karibuni hutumia kundi la amri liitwalo AVX, lililoingia katika vichakataji vya Intel mwaka 2011. Hata hivyo, mwaka pekee hautoshi kuamua. Core i3-2100 ya mwaka 2011 inazo amri hizo, ilhali Pentium G2030 ya mwaka 2013 haina. Kuongeza RAM hakutabadilisha jambo hilo hata kidogo.

Namba hiyo yaweza pia kutokana na faili lililoharibika, kwa mfano umeme ulipokatika wakati gemu inapakuliwa. Kwa hiyo, kagua kwanza faili za gemu kwa kutumia programu uliyoinunulia. Katika Steam, sehemu hiyo huitwa Verify integrity of game files. Namba ikibaki ile ile, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, kisha CPU, na unakili jina la kichakataji. Litafute katika tovuti ya mtengenezaji, kwenye mstari wa Instruction Set Extensions. Ikiwa AVX haimo humo, na masharti ya gemu yanaitaka, chanzo kimepatikana.

Yapo mawili ya kufanya: kutumia kompyuta yenye kichakataji kinachofaa, au kusubiri mtengenezaji wa gemu aondoe sharti hilo. Cyberpunk 2077 ilifanyiwa marekebisho ya namna hiyo mwezi Desemba 2020, lakini si kila mtengenezaji hufanya hivyo.

Unapomrudia muuzaji

Piga picha ya rekodi na ya jina la kichakataji, kisha uende nazo dukani pamoja na risiti. Kama muuzaji alikuhakikishia kwamba kompyuta inafaa kwa gemu hiyo, picha hizo zinaonyesha kwamba kauli yake haikuwa sahihi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Lakini kama hukutaja gemu yoyote wakati wa kununua, dai lako litakuwa dhaifu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, taja gemu unayoitaka, na umwombe muuzaji aandike jina la kichakataji kwenye risiti.