Kelele hazizimwi kwa maandishi ya boksi

SWALI: Hapa Mtwara mjini nimeuziwa AirPods Pro kwa bei ya kutupa. Kwenye aifoni zimejitokeza na jina lake, na namba ya serial imekubali kwenye tovuti ya Apple. Ni za kweli?

JIBU: Hivyo viwili si ushahidi. Picha inayojitokeza kwenye skrini huigwa, na namba hunakiliwa kutoka kifaa halisi. Tovuti ikisema waranti imeisha ilhali boksi ni jipya, shaka izidi.

Kinachoghushiwa zaidi ni uzimaji wa kelele. Usipimie sauti za watu: mpira wa sikioni peke yake huzipunguza, na muuzaji anayefungulia muziki anakuficha jibu. Simama karibu na jenereta au bajaji iliyowashwa. Vaa zote mbili bila muziki, kisha badilisha kati ya Noise Cancellation na Transparency. Kwenye halisi ngurumo nzito hushuka papo hapo, halafu hurudi. Kwenye bandia vitufe hubadilika, ngurumo haibadiliki, au unasikia mchakacho mwepesi tu. Nakala ghali hujitahidi kidogo, kwa hiyo linganisha na za rafiki aliyenunua kwa wakala.