Kitanda Kielekee Wapi? Feng shui, wanaoiamini na wenye shaka nayo

Anayetaka kuijua feng shui kwa vitendo aanze na chumba cha kulala. Humo mtu hukaa saa saba au nane kila usiku, mwili ukiwa mahali pamoja na macho yamefumbwa, na ndiyo sababu walimu wa elimu hii ya Kichina hukiweka kitanda katika daraja moja na mlango mkuu na jiko. Humo pia huonekana kwa urahisi ushauri upi una msingi hata kwa asiyeamini, na upi unasimama kwa imani peke yake.

Waumini huanza na chi, nguvu ya uhai inayopita ardhini, hewani na ndani ya nyumba kama inavyopita mwilini. Maandishi ya kale yanayohusishwa na mwanazuoni Guo Pu, aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324, yanahusu makaburi: yanaeleza kwamba upepo huitawanya chi na maji huizuia isipotee, kwa hiyo maiti azikwe mahali palipokingwa na upepo na penye maji karibu. Fikra hiyo hiyo ndiyo iliyohamishiwa kwenye nyumba za walio hai. Chi huingia kwa mlango na huweza kutokea dirishani. Ikipita kwa mstari mnyoofu huenda kasi na kumdhuru aliye njiani. Ikizunguka polepole humnufaisha. Ikikwama pembeni penye giza na mrundikano wa vitu, huharibika.

Kutokana na hayo zimezaliwa kanuni za kitanda. Ubao wa kichwani uegemee ukuta mzima, usiwe chini ya dirisha. Aliyelala aweze kuuona mlango bila kujipinda, lakini kitanda kisikae kwenye mstari wa mlango wenyewe. Miguu isielekee mlangoni moja kwa moja, kwa kuwa Wachina wengi hulihusisha hilo na maiti anavyotolewa nyumbani. Boriti isipite juu ya kifua au kichwa. Kioo kikubwa kisielekee kitanda. Ukuta wa kichwani usiwe umepakana na choo, maana maji machafu yanayoshuka huaminiwa kuondoka na chi.

Mtu mwenye shaka akizisoma kanuni hizi hatapinga nyingi. Dirisha lililo juu ya kichwa huleta baridi, mvua na kelele. Anayelala bila kuuona mlango hushtuka kila mlango unapolia. Mwaka 1975 Mwingereza Jay Appleton alichapisha nadharia kwamba binadamu huvutiwa na mahali anapoweza kuona mbali huku mwenyewe akiwa amekingwa, na kitanda chenye ukuta nyuma na mlango mbele kinaingia humo bila shida. Boriti nzito juu ya uso humkosesha mtu raha hata asipojua lolote kuhusu China. Kioo huonyesha kitu kinachosogea gizani, na mtu aliye nusu usingizini hudhani kuna mgeni. Bomba la choo ukutani hugurumaguruma usiku kucha.

Hadi hapo pande mbili hizi zinakubaliana juu ya mahali pa kuweka kitanda na kutofautiana juu ya sababu tu. Wenye shaka wanasisitiza kwamba hakuna chombo kilichowahi kuipima chi, na kwamba faida yote iliyotajwa inaelezeka kwa mwanga, hewa, sauti na hisia ya usalama. Waumini hujibu kwamba hayo ndiyo mavazi ya chi. Msomaji anaweza kuuacha mjadala huo na bado akasogeza kitanda chake kwa faida.

Ugomvi wenyewe unaanza pale mshauri anapotoa dira. Moja ya njia zinazotumika sana huitwa ya nyumba nane. Kila mtu hupewa namba, iitwayo kua, kutokana na mwaka aliozaliwa na jinsia yake. Kwa waliozaliwa kabla ya mwaka 2000, tarakimu mbili za mwisho za mwaka hujumlishwa mpaka ibaki moja. Mwanamume huitoa kwenye 10, mwanamke huiongezea 5, na jibu likizidi 9 tarakimu zake hujumlishwa tena. Mwaka huanza kuhesabiwa karibu na Februari 4, si Januari mosi. Wenye 1, 3, 4 na 9 ni kundi la mashariki, na waliobaki ni kundi la magharibi. Kila kundi lina pande nne njema na nne mbaya, na pande njema za kundi moja ndizo mbaya za jingine. Kinachoangaliwa kitandani ni upande ambao utosi unaelekea.

Sasa tuwachukue mume na mke wa kufikirika wanaoishi ghorofani Hong Kong, ambako kumwita mshauri wa feng shui ni jambo la kawaida kabisa. Mume amezaliwa Juni 1985: 8 na 5 ni 13, 1 na 3 ni 4, ukiitoa kwenye 10 inabaki 6. Huyu ni wa magharibi. Mke amezaliwa Juni 1988: 8 na 8 ni 16, 1 na 6 ni 7, ukiongeza 5 ni 12, yaani 3. Huyu ni wa mashariki. Chumba chao kina mita 3 kutoka mashariki hadi magharibi na mita 3.6 kutoka kusini hadi kaskazini. Mlango uko ukuta wa kusini, karibu na pembe ya mashariki. Dirisha liko katikati ya ukuta wa kaskazini. Nyuma ya ukuta wa magharibi kuna bafu na choo.

Kwa jedwali la nyumba nane, magharibi ndio upande bora kuliko yote kwa mume mwenye 6. Kwa mke mwenye 3, magharibi ndio upande mbaya kuliko yote. Kaskazini inamfaa mke, hasa kwa afya, nayo ni mbaya kwa mume. Hakuna hata upande mmoja unaowafaa wote wawili, na kitanda ni kimoja. Wala si ajali ya nadra: tukizichukulia namba zote tisa kuwa na uwezekano sawa, karibu nusu ya wanandoa wote wataangukia makundi tofauti. Mshauri mmoja atasema afuatwe anayeleta kipato, mwingine atasema afuatwe mgonjwa au dhaifu, na wa tatu atasema umbo la chumba litangulie dira.

Akija wa shule iliyoenezwa Marekani na Lin Yun, aliyefariki mwaka 2010, dira haitatolewa kabisa. Shule hiyo hulaza ramani ya visehemu tisa juu ya chumba kuanzia mlangoni. Ukisimama mlangoni ukitazama ndani, pembe ya mbali kushoto ni ya mali na ya mbali kulia ni ya ndoa, hata nyumba ielekee wapi. Kwa chumba chetu pembe ya ndoa ingekuwa kaskazini-mashariki, na namba za kua zisingetajwa.

Hapa ndipo wenye shaka wana hoja yao yenye nguvu zaidi, nami naona waumini hawajaijibu ipasavyo. Kama chi ni kitu kilichopo chumbani, wataalamu wanaokikagua chumba kimoja bila kuwasiliana wangepaswa kuikuta mahali pamoja, kama mafundi umeme wanavyoukuta waya uleule wenye hitilafu. Zaidi ya hapo, mtu kwa kawaida humwita mshauri mambo yakiwa yamemfika shingoni: biashara imelala, ndoa ina moto. Hali iliyofika chini kabisa mara nyingi hupanda kidogo yenyewe, kitanda kisogezwe au kisisogezwe, na sifa humwendea mshauri. Isipopanda, husemwa kwamba kuna kasoro nyingine ambayo haijaonekana. Dai lisiloweza kushindwa kwa tokeo lolote haliwezi kupimwa.

Dira nayo ina matatizo yake ambayo hata muumini anapaswa kuyajua. Dira ya kazi hii, luopan, huugawa mzunguko katika sehemu 24 za nyuzi 15 kila moja. Nondo za zege, godoro la springi, friji na hata simu iliyo mfukoni huweza kuuvuta mshale na kukupeleka sehemu ya jirani. Pima mahali patatu tofauti, mbali na kuta na vyuma, ikiwezekana nje ya jengo. Majibu yakiachana kwa nyuzi kadhaa, hakuna haki ya kumwambia mtu kwamba amelala upande wa maafa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki lipo la ziada. Kanuni za pande zililelewa China ya kaskazini, ambako upepo mkali wa majira ya baridi hutoka kaskazini na jua hupita kusini. Ndiyo maana katika nyumba za kale za Beijing zenye ua katikati, jengo kuu huelekea kusini na kuipa kaskazini mgongo. Dar es Salaam jua la mchana hupita upande wa kaskazini kwa miezi mingi ya mwaka, na upepo ni wa kaskazi na kusi, tena tunauhitaji uingie ndani. Anayeipa kaskazini mgongo na kuziba madirisha yake kwa kufuata kitabu cha China ataukosa upepo wa kaskazi katika miezi ya joto kali. Baadhi ya washauri wa Australia wameligundua tatizo hili wakageuza pande, wengine wamekataa, na huo nao ni mgongano usio na mwamuzi.

Turudi kwa wale wawili wa Hong Kong wenye kitanda cha mita 1.5 kwa 2. Ukuta wa kusini haufai, mlango ungefungukia ubavuni mwa vichwa vyao. Ukuta wa mashariki una kasoro ileile, maana mlango ungekuwa pembeni, nyuma kidogo ya macho. Ukuta wa kaskazini unawaweka chini ya dirisha. Unabaki wa magharibi: mlango unaonekana kwa mshazari, mwanga unaingia kutoka ubavuni, na miguuni inabaki mita moja ya kupita. Kasoro yake ni choo. Basi mmoja alale hapo usiku na mwingine avute maji ya choo. Kama bomba halisikiki, kitanda kimepata mahali. Kama linasikika, kabati la nguo liwekwe kwenye ukuta huo, na kitanda kihamie kaskazini kikiwa na ubao mrefu wa kichwani na pazia zito. Kabati la sentimita 60 litaacha upana wa mita 2.4, kwa hiyo wakisukume kitanda mpaka ukuta wa mashariki, ili milango ya kabati ifunguke na mtu apite, ingawa hapo miguu itaelekea mlangoni. Mke aliyeambiwa kwamba magharibi itamdhuru anaweza kukosa usingizi kwa hofu hiyo tu, na hilo ni dhara la kweli hata kama jedwali si la kweli. Kwake yeye, kaskazini yenye dirisha lililozibwa vizuri inaweza kuwa chaguo la busara kuliko magharibi isiyo na kelele.