Maji ya Nîmes: kilomita 50 kwa mteremko wa mita 12 na nusu



Katika kipindi chetu cha historia ya ustaarabu, mwalimu alituonyesha picha ya daraja refu la mawe lenye matao ya ghorofa tatu, akasema kwamba juu yake yalipita maji ya mji wa Kirumi. Mwenzangu mmoja akauliza: matao yale yanayasukumaje maji? Wengi wetu tulikuwa na dhana hiyo hiyo, kwamba daraja ndilo mtambo wenyewe. Nikaenda kusoma habari zake. Matao hayasukumi kitu. Kazi yake ni kama ya meza inayoshikilia sahani: yanaushika mfereji usianguke bondeni. Kinachoyapeleka maji ni mteremko, na mteremko wenyewe ni mdogo mno kuonekana kwa macho.

Daraja lile linaitwa Pont du Gard, nalo liko kusini mwa Ufaransa. Ni kipande kimoja tu cha mfereji uliojengwa katika karne ya kwanza Miladia kuupelekea maji mji wa Nîmes, ambao Warumi waliuita Nemauso. Maji yalianzia kwenye chemchemi karibu na mji wa Uzès. Ukipiga mstari ulionyooka, kutoka Uzès hadi Nîmes ni kama kilomita 20, lakini kati yake kuna vilima, kwa hiyo mfereji ulivizunguka na urefu wake ukafika kilomita 50 hivi. Sehemu yake kubwa ilizikwa ardhini au kuchimbwa ubavuni mwa vilima. Msafiri wa zama zile angeweza kutembea juu yake bila kujua kuna maji chini ya miguu yake.

Chemchemi iko juu ya mji kwa takriban mita 12 na nusu tu, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa nne. Hiyo ndiyo mali yote waliyokuwa nayo wajenzi. Hawakuwa na pampu kwa kazi hiyo, na katika mfereji ulio wazi maji yakishashuka hayapandi tena. Kila sentimita iliyotumika kwenye kilomita za mwanzo ilikuwa imepungua kwenye kilomita za mwisho. Ukizigawa mita 12 na nusu kwa kilomita 50 unapata sentimita 25 kwa kila kilomita. Chukua uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100: kutoka goli hadi goli, ardhi ishuke sentimita mbili na nusu tu. Hakuna mchezaji atakayeutambua mteremko huo, lakini maji yanautambua.

Walipimaje basi? Mhandisi wa Kirumi Vitruvius, aliyeandika kitabu cha ujenzi miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita, anaeleza kifaa kinachoitwa korobate. Ni boriti iliyonyooka yenye urefu wa futi 20 za Kirumi, karibu mita 6, ikiwa na miguu miwili iliyo sawa na nyuzi za timazi zilizoning'inia. Nyuzi zikigusa alama zake sawasawa, boriti imelala sawa. Siku ya upepo timazi huyumba, kwa hiyo juu ya boriti kulichongwa mfereji mdogo wa kutia maji. Maji yakigusa kingo kwa usawa kote, kazi imekamilika. Mafundi wetu wa ujenzi wanaopima msingi kwa mpira wa maji wanatumia kanuni hiyo hiyo: maji yaliyotulia hayadanganyi. Vitruvius anaongeza jambo lililonifurahisha, kwamba watu waliomsoma Arkimede huenda wakabisha kuwa uso wa maji haunyooki bali una mviringo kama dunia. Hoja ni sahihi, ila kwa boriti ya mita 6 haina madhara yoyote.

Hatari ilikuwa katika kurudia kipimo. Kwa wastani wa mteremko wa Nîmes, urefu wa boriti moja unatakiwa kushuka milimita moja na nusu. Tuseme mguu mmoja wa kifaa ni mfupi kwa milimita moja, na mpimaji anakisogeza boriti kwa boriti akielekeza mguu ule ule mbele. Kilomita 50 ni zaidi ya boriti elfu nane. Kosa la milimita moja likijirudia mara elfu nane kwa upande mmoja linakuwa mita nane, na mita zote za kutumia ni 12 na nusu! Dawa yake ni rahisi: kifaa kigeuzwe, mguu wa mbele uwe wa nyuma, kosa la kwanza lifutwe na la pili. Anayesahau kugeuza hataliona kosa lake leo wala kesho. Ataliona siku maji yatakapofunguliwa.

Sasa twende kwenye uamuzi mgumu kuliko yote. Njiani kulikuwa na bonde la mto Gardon. Mfereji ulifika ubavuni mwa bonde ukiwa juu sana ya mto, na ilibidi uvuke. Kama wangeugawa mteremko sawasawa tangu chemchemi hadi mjini, daraja lingelazimika kuwa refu zaidi kwa kadiri ya mita 6. Kwa hiyo waliuteremsha mfereji kwa kasi zaidi kabla ya bonde, ili daraja liwe fupi. Hata hivyo lilifika karibu mita 49 juu ya mto, na hakuna daraja la maji la Kirumi lililobaki hadi leo linalolizidi kimo. Kwa maoni yangu hapa ndipo akili ya wahandisi wale inapoonekana, kuliko kwenye matao yenyewe, maana waliamua wapi pa kutumia mali yao ndogo. Juu ya daraja lenyewe mfereji unashuka sentimita mbili na nusu tu kutoka ukingo hadi ukingo.

Lakini kimo kilichotumika kabla ya daraja hakikuwepo tena baada yake. Ng'ambo ya mto mfereji uliingia kwenye vijibonde vingi vya vilima, ukipinda na kupinduka, na kuna kipande kilichobakiwa na mteremko wa milimita 7 tu kwa kila mita 100. Rudi kwenye uwanja wetu wa mpira: goli hadi goli, ardhi ishuke chini ya unene wa kidole chembamba.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, na ili tuyaelewe inabidi tuliangalie jambo moja la maji. Maji yanayoingia chemchemini lazima yapite kila mahali kwa kiasi kile kile, kwa kuwa njiani hakuna pa kujificha. Mteremko ukipungua, maji yanapunguza mwendo. Yakipunguza mwendo, hayana njia nyingine ila kuinuka. Tuchukue hesabu ya mfano. Mfereji una upana wa mita 1.2, na kila sekunde zinapita lita 400. Maji yakienda nusu mita kwa sekunde, kina chake kitakuwa sentimita 67 hivi. Mwendo ukishuka hadi robo mita kwa sekunde, kina kinakuwa mara mbili, kama mita 1 na sentimita 33. Hakuna tone lililoongezwa, lakini ukuta uliotosha jana leo unafurika.

Ndivyo ilivyotokea Nîmes. Kile kipande kilicholala baada ya mto kilichelewesha maji, maji yakarudi nyuma na kuinuka hadi juu ya daraja. Dalili yake bado inaonekana: kuta za mfereji juu ya Pont du Gard ziliongezwa kimo baada ya ujenzi wa kwanza, kwa zaidi ya nusu mita. Waliona maji yanamwagika, wakajenga tena. Mteremko hawakuweza kuubadilisha, maana wangelazimika kubomoa kilomita nyingi, kwa hiyo walibadilisha kuta.

Huenda msomaji akauliza kwa nini basi mteremko usiwe mkali kila mahali, pale kimo kinapokuwepo. Maji yanayokimbia sana yanakwangua lipu ya mfereji, ile ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa, na yakishaitoboa yanapotea ardhini. Yanayotambaa mno yanaacha matope yatuame. Kazi ya mjenzi ilikuwa kukaa katikati ya madhara haya mawili kwa kadiri vilima vilivyomruhusu.

Inakadiriwa kwamba mfereji ulipokuwa mpya ulipeleka mjini kama lita milioni 40 kwa siku, na tone lililotoka chemchemini lilichukua zaidi ya siku nzima kufika. Mwisho wa safari maji yaliingia kwenye birika la mviringo lenye upana unaokaribia mita 6, ambalo hadi leo mtu anaweza kuliona Nîmes. Ukutani mwake kuna matundu 10 makubwa yaliyotiwa mabomba ya risasi ya kugawa maji mitaani. Birika hilo lilijengwa mahali pa juu mjini kwa sababu ile ile: kutoka pale hadi kwenye visima vya barabarani na mabafu ya umma, bado ni mteremko tu uliofanya kazi.

Adui wa mwisho alitoka ndani ya maji yenyewe. Chemchemi ya Uzès inapita kwenye miamba ya chokaa, na kila siku ilibeba chokaa kidogo iliyoyeyuka na kuigandisha kwenye kuta, kama inavyoganda ndani ya birika la chai nyumbani. Pole pole mfereji wa mita 1.2 ulibanwa, mahali pengine kwa karibu nusu mita upande mmoja. Wataalamu wanazisoma tabaka hizo kama pete za mti. Tabaka za mwanzo ni ngumu na safi, dalili kwamba mfereji ulifunikwa vizuri na kuangaliwa. Zile za baadaye, tangu karne ya nne hivi, ni laini na chafu, zina alama za mizizi ya mimea, yaani vifuniko vilikuwa vimepasuka na hakuna aliyeshuka tena kusafisha. Maji yaliendelea kupita kwa unyonge, kisha yakakoma. Wanakijiji wa jirani walikuja baadaye wakaikata chokaa ile iliyoganda vipande vipande, wakaitumia kama mawe ya kujengea.